Umefuta historia ya Google na pendekezo bado linatokea: namna ya kulifuata hadi linakotoka

Watu wengi hufuta historia ya Chrome, wakaridhika, kisha kesho yake wanaandika herufi mbili tu na simu inawaletea yale yale waliyoyafuta. Simu haijaharibika na wala hujakosea kubonyeza. Mapendekezo ya utafutaji hayatoki sehemu moja. Mengine yamehifadhiwa ndani ya simu, mengine yako kwenye akaunti yako ya Google, mengine yanaletwa na kibodi, na yapo ambayo si yako kabisa, ni ya watu wengine wanaotafuta mambo yanayofanana. Ukifuta sehemu moja, zile nyingine zinaendelea kufanya kazi yake kama kawaida. Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, jua kwanza pendekezo linalokukera linatoka wapi.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mama mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, anauza zabibu, na nyumbani kwake kuna simu janja moja ya Android inayotumiwa na wote. Usiku mmoja ameandika kwenye Chrome "maumivu ya titi la kushoto". Akafungua kurasa mbili, akatazama video moja YouTube, halafu akatafuta kwenye Maps njia ya kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa. Hajamwambia mtu bado, na ana haki ya kuchagua siku ya kusema. Asubuhi kijana wake anataka simu aangalie matokeo ya kidato cha nne. Neno "matokeo" na neno "maumivu" yanaanza na herufi zile zile mbili. Mama akiandika "ma" kujaribu, pendekezo la kwanza ni lile la jana usiku. Anafuta historia, anajaribu tena, na bado lipo.

Kinachotokea ukiandika "ma"

Ukigusa kisanduku cha juu cha Chrome na kuanza kuandika, mambo mawili yanafanyika kwa wakati mmoja. Chrome inapekua kumbukumbu zake ndani ya simu: maneno uliyowahi kutafuta na kurasa ulizowahi kufungua. Ulichokiandika mara nyingi, au karibuni, kinapanda juu. Wakati huo huo, herufi zako zinatumwa Google kabla hujabonyeza kutafuta, na Google inarudisha orodha yake. Orodha hiyo inatengenezwa kutokana na yale ambayo watu wengi wanatafuta kwa maneno yanayoanza hivyo, lugha unayotumia, eneo ulipo, mambo yanayovuma kwa wakati huo na, kama umeingia kwenye akaunti, yale uliyotafuta wewe mwenyewe zamani. Chrome inachanganya orodha hizo mbili na kukuonyesha moja. Ndiyo maana kwa macho huwezi kujua lipi limetoka wapi, isipokuwa ukiangalia alama ndogo iliyo kushoto kwa kila mstari.

Alama ya saa maana yake ni kitu kilichowahi kutafutwa, ama kwenye simu hii ama kwenye akaunti hii. Alama ya kioo cha kukuzia ni utabiri wa Google, na kwa kawaida unatokana na watu wengi. Mshale unaopanda ni jambo linalovuma. Ukiona nembo ya tovuti au alama ya dunia pamoja na anwani, mara nyingi huo ni ukurasa uliowahi kufunguliwa kwenye simu hiyo.

Yule mama aliona saa. Tatizo ni kwamba saa haisemi kama kumbukumbu iko ndani ya simu au kwenye akaunti, na hapo ndipo watu wanapozunguka mduara. Kuna jaribio moja jepesi la kuzitenganisha: zima data na Wai-Fai, fungua Chrome, andika "mau". Bila intaneti Google haiwezi kujibu, kwa hiyo kitakachotokea kimetoka ndani ya simu. Washa data, andika tena. Kile ambacho hakikuwepo na sasa kipo kimeletwa na Google.

Kwanza, safisha simu

Maneno ya kwenye kioo nitayaandika kama yanavyoonekana kwenye simu iliyowekwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo simu nyingi zilivyo. Kama yako iko kwa Kiswahili, fuata mpangilio huo huo.

1. Fungua Chrome, gusa nukta tatu zilizo juu kulia, kisha `Delete browsing data`. Kwenye matoleo ya zamani imeandikwa `Clear browsing data`.
2. Angalia muda. Chrome mara nyingi inakuwekea muda mfupi, kama `Last 15 minutes` au `Last hour`. Hapa ndipo wengi wanapokwama: walitafuta jana usiku, wanafuta saa moja iliyopita, kisha wanashangaa. Chagua muda unaofika hadi siku uliyotafuta, au `All time`.
3. Gusa `More options` uone orodha ya vitu vitakavyofutwa. Kwa kazi hii unahitaji `Browsing history` tu. Ondoa alama kwenye vingine.
4. Gusa `Delete data`.

Hatua ya tatu naisisitiza kwa sababu madhara yake ni ya kweli. Ukiacha alama kwenye `Cookies and site data`, utatolewa kwenye tovuti nyingi ulizokuwa umeingia, na kama nywila ya tovuti fulani huikumbuki, umejifungia nje. Ukifuta `Cached images and files`, picha za tovuti unazotembelea kila siku zitapakuliwa upya na bando litaliwa bila faida yoyote kwa jambo hili. Na `Saved passwords` usiiguse kabisa. Kama simu inalandanisha data na akaunti, nywila zitafutika na kwenye vifaa vingine pia.

Kama ni jambo moja tu unalotaka liondoke, huna haja ya kufuta kila kitu. Andika "mau" kwenye kisanduku, pendekezo likitokea liguse na ulishikilie bila kuachia. Chrome itakuuliza kama uliondoe. Kubali. Kwa mtu anayeishi na mwenza anayempekua simu, njia hii ni salama zaidi kuliko kufuta historia nzima, kwa sababu historia tupu kabisa nayo inazua maswali.

Mama wa Nkuhungu alifanya hatua zote nne, na alichagua `All time`. Akazima data, akaandika "mau", hakuna kitu. Akawasha data, na pendekezo likarudi na alama yake ya saa. Sasa tunajua: limebaki kwenye akaunti.

Pili, safisha akaunti

Google ina daftari lake la mambo unayofanya ukiwa umeingia kwa akaunti yako. Linaitwa `Web & App Activity`, na linahifadhiwa kwenye mitambo ya Google. Kufuta historia ndani ya Chrome hakuligusi daftari hili. Chrome yenyewe huweka maandishi madogo kwenye ukurasa wa kufuta yanayosema kwamba akaunti inaweza kuwa na historia nyingine, lakini ni nani anayesoma maandishi hayo.

Fungua Chrome na uandike kwenye kisanduku cha juu:

```
myactivity.google.com
```

Utaona orodha ya siku kwa siku: ulichotafuta, kurasa ulizofungua kutoka kwenye majibu, programu ulizotumia. Juu kuna kisanduku kimeandikwa `Search your activity`. Andika humo "maumivu", na kila kilichopatikana kifute kwa alama ya `X` iliyo pembeni yake.

Usiishie kwenye neno moja. Utafutaji huu unafuata maneno, haujui ulikuwa unawaza nini. Yule mama aliandika "maumivu ya titi la kushoto", lakini baadaye aliandika "uvimbe kwenye titi" bila neno maumivu, kisha akajaribu kwa Kiingereza. Alitafuta pia jina la hospitali kwenye Maps. Kwa hiyo atafute "maumivu", halafu "titi", halafu "matiti", halafu "uvimbe", halafu neno la Kiingereza, halafu "Mkapa". Au afanye kilicho rahisi zaidi: ashuke kwenye orodha hadi siku ile, na afute siku nzima kwa alama iliyo pembeni ya tarehe. Kama usiku ule ndio wenye mambo yote, njia ya tarehe haiachi kitu nyuma.

Video ya YouTube ina daftari la pekee, linaitwa `YouTube History`. Ndani ya programu ya YouTube nenda kwenye mipangilio, kisha `Manage all history`, ufute ulichotafuta na ulichotazama. Ukisahau hapa, YouTube itaendelea kuleta video za aina ile kwenye ukurasa wa mbele, na hilo linaonekana haraka kuliko pendekezo lolote, maana picha ya video inajieleza yenyewe.

Ukishafuta, Google inasema kitu hicho kinaondolewa kuonekana papo hapo na hakitumiki tena kukupangia mapendekezo. Kukifuta kabisa kutoka kwenye mitambo yao kunachukua kwa kawaida kama miezi 2, na kwenye nakala za akiba kinaweza kukaa hadi miezi 6. Kwa mtu anayeogopa macho ya watu wa nyumbani, hilo la kwanza ndilo la maana, na linafanyika mara moja.

Tatu, kibodi

Hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Ule mstari wa maneno matatu juu ya herufi za kibodi ni kazi ya kibodi yenyewe, Google Search haihusiki nao. Kibodi hujifunza maneno unayoyaandika na mpangilio wake. Kwa Kiswahili jambo hili huonekana zaidi, kwa sababu maneno yetu mengi hayako vizuri kwenye kamusi ya kibodi, na watu wengi wameiacha kwenye Kiingereza. Basi neno lolote la Kiswahili linalojitokeza pale mara nyingi ni lile ulilolifundisha wewe kwa kuliandika.

Fungua WhatsApp au sehemu yoyote ya kuandika, andika "maumivu ya" na usiendelee. Kama mstari wa juu ya kibodi unapendekeza "titi", kibodi imejifunza. Shikilia neno hilo kwa kidole, litavutika; kwenye Gboard, ambayo ni kibodi ya Google, utaona sehemu ya kulitupa, lipeleke pale. Ukitaka kufuta yote, ingia kwenye mipangilio ya Gboard, kisha `Privacy`, kisha `Delete learned words and data`. Itakuonyesha tarakimu chache na kukutaka uziandike ili kuthibitisha. Jua kwamba baada ya hapo kibodi itasahau pia majina ya watu na maneno yako yote ya kila siku, na itaanza kujifunza upya. Simu zinazotumia kibodi ya kampuni iliyozitengeneza huwa na sehemu kama hiyo kwenye mipangilio ya kibodi, kwa jina lingine.

Lililobaki si lako

Mama amefuta simu, akaunti na kibodi. Anaandika "mau" na anapata "maumivu ya tumbo chini ya kitovu", "maumivu ya kichwa", "maumivu ya mgongo", na pengine hata moja la titi. Moyo unashtuka. Lakini alama ni ya kioo cha kukuzia, si saa. Hayo ni maneno yanayotafutwa na watu wengi wanaotumia Kiswahili. Yangetokea hata kwenye simu iliyotoka dukani leo.

Kuthibitisha, usitegemee macho tu. Fungua dirisha la `Incognito` kwenye Chrome, yaani dirisha la faragha lisilohifadhi historia, nenda `google.com`, na uandike "mau" kwenye kisanduku kilicho katikati ya ukurasa wenyewe. Usiandike kwenye kisanduku cha juu kabisa cha Chrome, kwa sababu hata ndani ya Incognito kisanduku kile bado kinaweza kukuonyesha kurasa zilizo kwenye historia ya kawaida ya simu. Ndani ya ukurasa wa Google, ukiwa hujaingia kwa akaunti, unaona orodha isiyotegemea akaunti yako. Pendekezo linalotokea kwenye madirisha yote mawili ni la watu wote, na kufuta kwako hakutaliondoa. Linalotokea kwenye dirisha la kawaida peke yake ni lako. Rudi nyuma ulitafute.

Hali ni hiyo hiyo kwa ile orodha ya utafutaji unaohusiana, chini ya ukurasa wa majibu. Kwa sehemu kubwa inatokana na yale ambayo watu wengine hutafuta wakiwa na swali kama lako.

Akaunti ni ya nani?

Kama umefuata yote na pendekezo lenye saa linarudi baada ya siku mbili, au unaona mapendekezo ya mambo ambayo hakuna mtu wa nyumbani aliyeyatafuta, angalia akaunti. Gusa picha au herufi ya duara juu kulia kwenye programu ya Google na usome barua pepe iliyoandikwa pale, herufi kwa herufi.

Watu wengi hapa mjini wamenunua simu na kijana wa dukani akawatengenezea akaunti hapo hapo ili waweze kupakua WhatsApp. Wengine aliwaingizia akaunti yake, au ile anayowawekea wateja wote. Akaunti ikiwa hiyo, mnaandika kwenye daftari moja na watu msiowajua: wao wanapata mapendekezo yako yenye saa na wewe unapata ya kwao, na mwenye nywila anaweza kufungua `myactivity.google.com` akasoma yote. Kufuta hakusaidii kitu hapo, kwa sababu kesho utaandika tena kwenye daftari lile lile. Tengeneza akaunti yako kwa namba yako mwenyewe, hamishia huko namba za simu na picha zako, hakikisha zimefika, ndipo uondoe ile ya zamani kwenye mipangilio ya simu. Usiondoe kabla ya kuhamisha, utapoteza namba za watu.

Sura nyingine ya tatizo hili ni simu ya zamani. Umempa mdogo wako wa Kondoa simu yako bila kutoa akaunti. Anachotafuta yeye kinakuja kwako, na chako kinakwenda kwake. Ingia kwenye `Manage your Google Account`, kisha `Security`, kisha `Your devices`. Ukiona kifaa ambacho hakiko mkononi mwako, kiguse na uchague `Sign out`, halafu badilisha nywila.

Ili usirudie kazi hii kila wiki

Ndani ya `Web & App Activity` kuna `Auto-delete`. Unachagua miezi 3, 18 au 36. Akaunti zilizofunguliwa kuanzia katikati ya 2020 zimewekwa miezi 18 bila mwenyewe kuchagua, na kwa simu inayoshikwa na familia nzima huo ni muda mrefu mno. Mimi ningeweka 3. Unaweza pia kuzima daftari zima, lakini soma vizuri: `Turn off` inasimamisha kuandika kuanzia sasa na inaacha ya zamani yote mahali pake. Inayofuta pia ni `Turn off and delete activity`.

Kwenye ukurasa huo huo wa `myactivity.google.com` ipo sehemu ya kudai uthibitisho, `Manage My Activity verification`. Ukiiwasha, mtu aliyeshika simu yako hataweza kufungua daftari zima bila kuthibitisha kwanza kwamba ni wewe. Haizuii mapendekezo kutokea, ila inazuia kusomwa kwa orodha.

Kwa swali la afya, la talaka, la madeni, au lolote usilotaka liandikwe, tumia Incognito tangu mwanzo, na usiingie kwa akaunti ukiwa humo. Chrome haitahifadhi ulichotafuta, na Gboard ikiwa ndani ya dirisha hilo haijifunzi maneno. Mtandao wako wa simu bado unaweza kujua ulitembelea tovuti gani, hilo Incognito haliondoi. Lakini kosa linalowaumbua watu ni dogo kuliko hilo: wanasoma, wanabonyeza kitufe cha kurudi mwanzo, wanampa mtoto simu, na dirisha bado liko wazi nyuma. Lifunge kwa `X`, au fungua mipangilio ya Chrome, `Privacy and security`, na uwashe `Lock Incognito tabs when you leave Chrome`, ili ukilisahau lidai alama ya kidole au namba ya kufungulia simu. Kama namba hiyo nyumba nzima inaijua, kufuli hilo halina kazi, na njia iliyobaki ni kulifunga mwenyewe kila mara.